Vipimo vya ini: ni seli zilizoumia au ni nyongo iliyozuiwa?

Cheti cha mama yangu kina ALT 96, AST 88, ALP 480, GGT 390 na bilirubini 85. Macho yana umanjano na anawashwa mwili mzima. Daktari, tatizo ni ini lenyewe au nyongo?

Namba hizi zinaelekeza kwenye nyongo. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, na seli ikiumia humwagika kwenye damu. ALP ni kimeng'enya kilicho kwenye utando wa seli, upande unaopakana na vijifereji vya nyongo. Nyongo ikizuiwa kupita, seli hutengeneza ALP nyingi zaidi, nayo hupanda kwenye damu. Kwa hiyo swali si kama zimepanda. Swali ni ipi imekizidi zaidi kikomo chake.

Chukua vikomo vya juu vilivyochapwa kwenye cheti hichohicho, maana maabara hutofautiana. Tuseme kikomo cha ALT ni 40 na cha ALP ni 120. ALT ya mama ni 96 ÷ 40, yaani mara 2.4. ALP ni 480 ÷ 120, yaani mara 4. Sasa gawanya 2.4 kwa 4, upate 0.6. Hiyo ndiyo R. Ikiwa 2 au chini yake, ni sura ya nyongo iliyozuiwa. Ikiwa 5 au zaidi, ni sura ya seli zilizoumia. Katikati ni mchanganyiko. Bilirubini, rangi ya njano inayoleta umanjano, haisaidii kutenganisha, kwa sababu hupanda katika hali zote mbili.

Kinachofuata ni ultrasaundi. Mirija ya nyongo ikionekana imetanuka, kuna kizuizi nje ya ini, kwa mfano jiwe, au uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Isipotanuka, tunafikiria zaidi dawa anazotumia au ugonjwa wa mirija midogo ndani ya ini, ingawa kizuizi kipya kinaweza kuwa bado hakijaitanua. Akipata homa ya kutetemeka juu ya umanjano huo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: nyongo iliyokwama huenda imeingia maambukizi.

Kijana wangu ana miaka 14 na ALP yake ni 350, vingine vyote sawa. Naye nyongo imeziba?

Karibu hakika hapana. Mifupa inayokua hutoa ALP, na kikomo cha mtu mzima hakimhusu mtoto wa umri huo. Kondo la nyuma nalo huitoa, hivyo mjamzito wa miezi ya mwisho huwa na ALP ya juu. GGT, kimeng'enya kingine cha ini na mirija ya nyongo, ndiyo shahidi: haitoki kwenye mfupa. Kwa mama imepanda pamoja na ALP, kwa hiyo ALP yake ni ya ini.

Mjomba yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. ALT 410, ALP 132, anatapika. Aendelee kumeza?

Arudi kliniki leo, kabla ya dozi inayofuata. Kwa vikomo vilevile, ALT ni mara 10.25 na ALP mara 1.1, hivyo R ni kama 9: seli zinaumia. Kwa mwenye dalili, dawa husimamishwa ALT ikizidi mara 3 ya kikomo. Asiye na dalili, ikizidi mara 5. Baadaye kliniki huzirudisha moja moja ili kumjua mkosaji, na ni vyema apimwe pia homa ya ini B.

R haisemi ini limebakiwa na nguvu kiasi gani. Hilo hulisema INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda ambacho hupanda damu ikichelewa kuganda, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu. ALT ikishuka huku INR inapanda na mgonjwa anachanganyikiwa, hajapona: huenda seli za kumwaga ALT zimeshakwisha.

Je, hesabu hii hudanganya?

Ndiyo, hasa jiwe linapokwama ghafla. Shinikizo la nyongo huumiza seli ndani ya saa chache, lakini ALP huhitaji siku moja au mbili kutengenezwa. Damu ya siku ya kwanza inaweza kusoma ALT 520 na ALP 130, R ikawa 12, ukadhani ni homa ya ini. Siku ya tatu ALT imeporomoka hadi 180 na ALP imefika 300: R sasa ni 1.8. Kwa hiyo mwenye maumivu makali chini ya mbavu za kulia hufanyiwa ultrasaundi hata R ikiwa 12, na damu hurudiwa baada ya saa 48.