Nani awekwe kwenye À, nani kwenye Cc, nani kwenye Cci: ufafanuzi kwa wafanyakazi na wanafunzi

Tangu mwaka huu wa masomo uanze, malalamiko yanayofika kwenye huduma yetu ya informatiki hapa Lubumbashi yamegeuka sura. Zamani watu walilalamika kwamba ujumbe wa barua pepe haukufika. Siku hizi wanalalamika kwamba umefika kwa watu wengi mno. Tunaamini hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Lakini makosa ni yale yale kila wiki, basi tuchukue moja tulichambue hadi mwisho.

Sekretere anataka kuwakumbusha wanafunzi 64 wa L1 kwamba minervali yao haijakamilika. Anachukua orodha ya Excel, anakopi safu ya anwani, anazimwaga zote kwenye À. Kwenye Cc anaweka shefu wa seksheni, Katibu Mkuu wa Masomo na mhasibu. Chini anaambatisha orodha yenyewe, "ili kila mtu aone nafasi yake". Anabonyeza Envoyer, anakwenda kula.

Akirudi anakuta wanafunzi 64 wamejua nani ana deni. Mmoja aliyekwisha kulipa amebonyeza Répondre à tous na kutuma picha ya bodero ya benki, yenye nambari ya akaunti ya baba yake. Watatu wamemjibu. Mwingine ameandika matusi. Katibu Mkuu wa Masomo, ambaye hakuwa na la kufanya katika jambo hili, amepokea majibu hayo yote.

Tuanze na À. Hapo anawekwa yule unayetaka afanye kitu: ajibu, asaini, alipe, aje. Ikiwa wako wawili, mwili wa ujumbe useme nani afanye nini, la sivyo kila mmoja atamngoja mwenzake.

Cc ndiyo inayotusumbua, na tunajua tabia hii imetoka wapi. Barua zetu za karatasi zina sehemu ya nakala kwa taarifa, ambapo wakubwa hupangwa kwa cheo, kuanzia Mkurugenzi Mkuu. Watu wamehamisha desturi hiyo nzima kwenye barua pepe. Kupanga majina kwa cheo si vibaya, na kwa heshima ya nyumba endeleeni. Ila barua ya karatasi haina kitufe cha Répondre à tous. Aliye kwenye Cc anapata kila jibu litakalofuata, na kila mpokeaji anaiona anwani yake. Kwa hiyo Cc ni ya mtu anayehitaji kujua na asiyetakiwa kutenda. Anayemweka Katibu Mkuu kwenye Cc ili tu mwanafunzi aogope, anatumia wakati wa mkubwa kama fimbo. Tunaomba jambo hilo likome.

Sasa Cci, yaani nakala iliyofichwa. Wengi bado wanasema ni sehemu ya kupeleleza wenzao. Sivyo, na tumechoka kulirudia. Seva ya barua pepe inafanya kazi kwa bahasha na barua ndani yake: anwani za Cci zinaandikwa kwenye bahasha tu ili ujumbe ufike, lakini haziingii katika barua ambayo wapokeaji wanafungua. Ndiyo maana wanafunzi 64 walio kwenye Cci hawaonani, na mmoja wao akibonyeza Répondre à tous, jibu linakwenda kwa mtumaji na kwa walio kwenye À na Cc peke yao. Kwenye simu, Gmail inaficha sehemu hiyo: gusa mshale mdogo ulio kulia kwa À, Cc na Cci zitatokea.

Ujumbe wa sekretere ungepaswa kuonekana hivi:

```
À     : (anwani ya ofisi inayotuma)
Cc    :
Cci   : (anwani 64)
Objet : Minervali L1 – kumaliza malipo kabla ya tarehe 30
```

Kwenye À ameweka anwani ya ofisi yake mwenyewe, kwa sababu ujumbe usio na mtu yeyote hapo huonekana wa kutiliwa shaka, na baadhi ya vichujio huupeleka moja kwa moja kwenye spamu. Shefu wa seksheni atatumiwa nakala peke yake baadaye.

Salamu nazo zinabadilika. "Bwana mpendwa" kwa watu 64 wasioonana inamfanya kila mmoja adhani ameandikiwa yeye peke yake, kisha anajibu kana kwamba mnajua habari zake. Sentensi ya kwanza itaje kundi na sababu: "Kwa wanafunzi wa L1. Mnapokea ujumbe huu kwa sababu malipo yenu ya minervali hayajakamilika katika daftari letu. Aliyekwisha kulipa alete bodero ofisini, asiitume hapa." Na kiasi cha deni cha kila mtu kisitajwe kabisa katika ujumbe wa pamoja. Ukitaka kila mmoja apate tarakimu yake, Word ina Publipostage, nayo huandika barua 64 tofauti.

Cci ina mipaka. Haifichi kiambatisho: ile orodha ya Excel ingefichua majina yote hata kama anwani zimefichwa vizuri. Pia usimweke mkubwa kwenye Cci ya mabishano yenu ya kazini. Siku atakapobonyeza Répondre à tous, mwenzako atajua ulikuwa na shahidi aliyejificha.

Wanaodhani haya ni mambo madogo, wajue kwamba mnamo Septemba 2015 kliniki moja ya London inayotibu watu wenye VVU ilituma jarida lake kwa watu 781 na kuweka anwani zote kwenye À. Anwani 730 zilikuwa na majina kamili. Mwaka 2016 hospitali husika ilitozwa faini ya pauni 180,000. Kwetu, Amri yenye nguvu ya sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 kuhusu dijitali inalinda habari za watu binafsi, na anwani yenye jina la mtu ni mojawapo. Ndani ya nyumba, anayefichua orodha ya namna hiyo anaandikiwa ombi la maelezo. Anajibu kwa maandishi, kwa saini yake, kupitia shefu wake wa huduma, na jibu linawekwa katika faili lake. Kutojibu kunahesabiwa kuwa kosa la pili. "Sikujua" si jibu.

Ukigundua kosa mara moja, Gmail ina Annuler l'envoi, lakini kwa kawaida inakupa sekunde 5 tu. Ingia kwenye mipangilio uziongeze hadi 30. Zikipita, ujumbe haurudi. Kuufuta kwenye Messages envoyés kunaufuta kwako peke yako, na bado tunaletewa ombi la "kuufuta kwa wote". Hatuwezi kuingia katika sanduku la Gmail la mwanafunzi.

Linalobaki ni kuandika ujumbe mpya wa kuomba radhi, watu wote wakiwa kwenye Cci, ukiwaomba waufute ule wa kwanza na wasiusambaze. Ujumbe mpya, tunasisitiza. Wiki iliyopita mtu aliomba radhi kwa Répondre à tous, na ile orodha yote ya anwani ikasafiri mara ya pili.