Hujaona kesi mtandaoni? Haimaanishi bosi ni mwema

"Nimepata kazi kiwanda cha mbao Mafinga, nimegugo jina lake sijaona kesi wala habari mbaya, si ina maana wanawatendea watu vizuri?"

Wengi tunaamini hivyo na inaeleweka, ila mgogoro wa kazi huanzia kwenye usuluhishi, na usuluhishi ni siri, wakielewana pale mtu analipwa anaondoka na wewe huwezi kukuta kitu. Wasipoelewana unaenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika ana siku 42 kupeleka Mahakama Kuu. Hukumu za huko ndo nyingi utazikuta mtandaoni, kwa hiyo unachokiona ni kile kilichofika juu tu.

Na ukikuta kesi isome mpaka ndani jamani. Chukulia fundi wa msumeno kafukuzwa, anatakiwa kulalamika ndani ya siku 30, yeye kaenda siku ya 45, hana sababu ya maana ya kuchelewa, shauri linatupwa. Juujuu unaona kampuni imeshinda, kumbe hakuna aliyepima kama alifukuzwa kwa haki! Hapo tafuta neno kuchelewa, au kwa Kiingereza "condonation", yaani kusamehewa kuchelewa, maana hukumu nyingi ni za Kiingereza.

Halafu jina. Bango la getini linaweza kuwa tofauti na jina lililosajiliwa, chukua lile la kwenye mkataba au salari slipu ya mtu anayefanya kazi pale, ndo utafute. Na huyohuyo muulize mshahara unaingia tarehe ngapi na kama michango ya pensheni inapelekwa kweli, hayo mahakama haitakuonyesha.