Kufuta au kuficha: dhana potofu kuhusu machapisho ya zamani kabla ya kuomba kazi

Binti wa dada yangu alifungua akaunti yake ya Facebook mwaka 2016, akiwa kidato cha pili. Alipokuja kwangu Nkuhungu alikuwa amekwisha kuhitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, anajiandaa kuomba kazi ya huduma kwa wateja katika taasisi moja ya fedha ya hapa mjini, na akaunti ile ilikuwa na marafiki zaidi ya 1,800. Nimewahi kukaa upande wa wanaosaili, na najua kwamba hata pale ambapo hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo, mtu huandika jina la mwombaji kwenye simu yake kabla ya siku ya usaili. Tulikaa jioni mbili tukiipitia akaunti hiyo, na karibu kila alichokiamini kuhusu kazi hiyo kilihitaji kusahihishwa.

Dhana: "Mjomba, nikibana akaunti tu, ya zamani yote yanafichika."

Facebook ina kitufe kinachoitwa Limit Past Posts, ambacho huchukua machapisho yote ya zamani yaliyokuwa wazi kwa umma, pamoja na yale yaliyokuwa wazi kwa marafiki wa marafiki, na kuyafanya yaonekane kwa marafiki pekee. Ni kitufe chenye manufaa, lakini kinagusa yale tu uliyoyaweka kwenye ukurasa wako mwenyewe. Maoni uliyoyaandika chini ya chapisho la mtu mwingine hufuata mipaka ya chapisho hilo, kwa hiyo ukichangia kwenye ukurasa wa mpira ulio wazi, maneno yako yanabaki wazi hata kama ukurasa wako umefungwa. Picha aliyoiweka mtu mwingine na kukutaja ni yake pia. Ukiondoa utambulisho wa jina lako, picha inaacha kuunganishwa na wewe, ila inabaki pale ilipo mpaka mwenyewe aitoe.

Ndiyo maana tulianza kwa kuangalia kabla ya kubonyeza chochote. Kwanza alifungua View As, ambayo humwonyesha mwenye akaunti namna ukurasa wake unavyoonekana na mtu asiye rafiki. Kisha akaingia Activity log, akachagua sehemu ya maoni na kurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Huko ndiko yalikokuwa mambo mazito, si kwenye picha alizokuwa akiziogopa.

Kitufe kile alikibonyeza baadaye, akijua pia kwamba hakirudishwi nyuma kwa mkupuo: ukitaka chapisho fulani liwe wazi tena, unalifungua hilo peke yake. Alikuwa na machapisho matatu ya mwaka 2023 kuhusu kikundi cha akina mama wakulima wa zabibu wa Hombolo, aliowasaidia kupanga daftari la akiba na mikopo. Hayo tuliyafungua upya moja moja, kwa sababu kwa kazi aliyokuwa akiiomba yalieleza uwezo wake vizuri kuliko barua yake ya maombi.

Dhana: "Kinachoonekana na marafiki tu hakina madhara."

Marafiki 1,800 si faragha. Dodoma ni mji wa ofisi, na watu waliosoma pamoja, wanaosali pamoja au waliopanga nyumba moja Area C hukutana tena kazini. Ni rahisi kabisa mmoja wa marafiki hao akawa jirani wa mtu aliye kwenye jopo. Picha ya skrini hupigwa kwa sekunde moja. Kwa hiyo swali la kujiuliza juu ya kila chapisho ni hili: likitoka nje ya marafiki, litanidhuru mimi au litamdhuru mtu mwingine? Likiwa la kudhuru, kuficha hakutoshi, lifutwe. Likiwa halidhuru ila halimhusu mwajiri, lifichwe.

Kwa kipimo hicho, picha za harusi ya dada yake kule Kondoa, za msiba wa babu na za kwaya zilifichwa tu. Hazina aibu yoyote, na mtu hapaswi kuyafuta maisha yake ili aajiriwe.

Vitu vitatu vilifutwa. Cha kwanza kilikuwa mzaha aliouandika chini ya ukurasa mmoja wa mpira, akimtania mwanafunzi mwenzake kuhusu Wagogo na kuombaomba. Alijitetea kwamba ulikuwa utani, na mwenzake alicheka. Namwamini. Lakini utani una watani wake, na unaeleweka kwa kuwa pande zote mbili zinajua ni nani anayesema na nani anayeambiwa. Ukibaki kwenye skrini miaka saba, mtani hayupo tena, na anayesoma ni mtu asiyewajua wote wawili, pengine mwenyewe ni Mgogo aliyekulia Bahi. Anachokiona hapo ni dharau kwa watu atakaowahudumia dirishani.

Cha pili kilikuwa lalamiko lililomtaja kwa jina msimamizi wa ofisi alikofanyia mafunzo kwa vitendo. Sina hakika kama lalamiko hilo halikuwa la haki, ila mwajiri mpya analisoma akijiuliza atatajwa lini yeye. Cha tatu, ambacho mwenyewe hakukikumbuka kabisa, kilikuwa picha yake akitabasamu mezani katika ofisi hiyohiyo, na mbele yake daftari lenye majina na namba za simu za wateja, likisomeka vizuri ukikuza picha. Hicho ndicho kilichonishtua kuliko vyote. Tangu tarehe 1 Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taasisi inayokusanya taarifa za watu ina wajibu wa kisheria wa kuzilinda, na taasisi ya fedha haiwezi kuipuuza picha ya namna hiyo. Picha za kazini zikuzwe zote, zikaguliwe meza, ubao na skrini iliyo nyuma ya mtu.

Dhana: "Ni salama zaidi kufuta akaunti nzima."

Akaunti ikiondoka, hata machapisho ya Hombolo yanaondoka nayo. Picha zilizo kwa wengine zinabaki.

Dhana: "Nikishafuta, kimetoweka papo hapo."

Kwenye Facebook, chapisho unalolihamishia Trash hukaa humo siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa, isipokuwa ukiingia humo na kulifuta mwenyewe. Wengine hawalioni katika siku hizo, lakini anayeweza kuingia kwenye akaunti yako anaweza kulirudisha. Archive ni kitu kingine: huko chapisho linaonekana na mwenye akaunti pekee, na linakaa mpaka alitoe. Walioshiriki chapisho lako kwa kitufe cha kushiriki hupoteza maudhui yake unapolifuta, ila aliyelipakua au kulipiga picha ya skrini bado analo, na hakuna mpangilio wowote unaofika kwenye simu yake.

Tulipomaliza, alifungua kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yoyote, akaandika majina yake matatu ndani ya alama za kunukuu kwenye Google. Ukurasa mmoja aliokwisha kuufuta bado ulionekana kwenye matokeo, na maneno machache ya zamani chini yake, ingawa ukibonyeza hapakuwa na kitu. Google huonyesha nakala ya mara ya mwisho ilipoutembelea ukurasa, na hairudi siku hiyohiyo. Kwa hali hiyo ipo zana yao iitwayo Refresh Outdated Content, ambako unabandika anwani ya ukurasa uliofutwa na kuomba matokeo yasasishwe. Ndiyo maana nilimwambia asisubiri tangazo la kazi litoke ndipo aanze. Utambulisho wa jina kwenye picha za harusi zilizo kwa dada yake hatukuuondoa. Alimpigia simu, na dada akazifunga mwenyewe zionekane na ndugu tu.