Tasnifu bila dodoso lako

"Nisipokwenda kijijini na dodoso langu mwenyewe, hiyo si tasnifu ya uzamili."

Ni tasnifu kamili, na mara nyingi huwa imara zaidi. Mchukue mwanafunzi wa uchumi kilimo anayetaka kujua kama mbolea inaongeza mavuno ya mahindi Mbeya. Akitaka kupima mwenyewe, anahitaji barua ya chuo, kisha vibali vya mkoa, wilaya na kijiji. Mahindi ya huko huvunwa katikati ya mwaka. Barua zikichelewa hadi Septemba, atabaki na yale wakulima wanayoyakumbuka tu, au asubiri msimu mwingine huku ada ikiendelea kudaiwa.

Wakati huohuo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikifuatilia kaya tangu 2008/09 katika utafiti wake wa jopo, yaani unaorudi kuhoji kaya zilezile. Humo mna mbolea na mavuno kwa kila shamba, na data zinapakuliwa bure. Ila kaya za mkoa mmoja ni chache, kwa hiyo swali lazima lipanuke hadi nchi nzima. Viwianishi vya mahali navyo vimesogezwa makusudi kulinda faragha, hivyo usitegemee kupima umbali halisi wa shamba hadi barabarani.

Kabla ya kuandika pendekezo, fungua dodoso lao uhakikishe swali lako liliulizwa. Kisha soma tasnifu ambazo msimamizi wako amezisimamia. Kama yeye ni mtaalamu wa udongo, hataona kosa lako la kutotenganisha athari ya mbolea na uwezo wa mkulima aliyeinunua, na hapo ndipo mtahini wa nje atakapokushika.