Mtoto akilia moyo unanienda mbio: machungu ya bibi yanavyomfikia mjukuu

Shikamoo dada nesi. Nipo Newala, nina mtoto wa miezi nane. Akilia usiku natoka jasho, moyo mbio, nataka anyamaze hapohapo, juzi nikamfinya. Mama yangu nae alikua hivohivo kwetu. Bibi alikuja huku akikimbia vita ya Mreno Msumbiji. Huu ni mkosi wa ukoo?

Marahaba mdogo wangu. Mkosi hapana. Tulivoongea kwenye simu ulinambia bibi alivuka Ruvuma usiku, kambeba mgongoni mama yako akiwa mchanga, na watu aliokua nao wakamwambia huyo akilia tunakufa wote. Sasa hapo ndo pa kuanzia. Usiku ule kilio cha mtoto kwa bibi kiligeuka kua alama ya kifo, na mwili ukishajifunza kitu kwa hofu ya namna hiyo haujali kwamba vita imeisha 1974, ukisikia sauti ileile unamwaga homoni za hatari, moyo mbio, misuli inakaza, unakua tayari kukimbia au kupiga. Bibi akawa anamziba mama yako mdomo, au anamchapa akilia, sio kwa roho mbaya, alikua anamwokoa. Mama yako akakua anajua kulia ni hatari ingawa vita yenyewe haikumbuki kabisa. Nawe ukapokea hivohivo, bila hata ile stori.

Kwa hiyo ipo kwenye damu? Nimesikia eti vinasaba vinabadilika.

Hapa watu wanatia chumvi sana. Kilichopimwa vizuri ni njaa ya Uholanzi, kipupwe cha 1944 kuingia 1945, Mjerumani kafunga njia za chakula. Watoto ambao mimba zao zilikua changa wakati ule walipimwa miaka kama 60 baadae, wakakutwa baadhi ya vinasaba vyao vina alama za kikemikali tofauti na za ndugu zao wa tumbo moja. Kinasaba chenyewe hakijabadilika, ni kama swichi iliyopunguzwa. Ila ona, hao njaa iliwakuta wenyewe tumboni, hawakuirithi. Kwa mjukuu ushahidi bado ni mwembamba. Na mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote, yaani usiku ule yai lililokuja kua wewe lilikua mgongoni kwa bibi, lakini kwamba lilibeba hofu hakuna aliyethibitisha.

Mi kinachonipa moyo ni panya. Kuna panya mama wanaolamba watoto wao sana na wengine wanalamba kidogo, na wa kulambwa kidogo wanakua waoga, wakishtuka hawatulii haraka. Watafiti wakachukua watoto wa mama asiyelamba wakawapa mama anayelamba, wakakua watulivu kama wa kwake. Binadamu sio panya, sawa, lakini inaonyesha malezi nayo ni njia ya kupitisha, na njia hiyo unaweza kuikata.

Sa leo usiku akilia nifanye nini?

Kwanza hakikisha haumwi: mguse kama ana joto, angalia nepi, mpe ziwa. Ana homa, au analia bila kunyamaza na hataki kunyonya, huyo ni wa zahanati, usianze kutafuta habari za bibi.

Kama ni mzima na wewe ndo umepandwa na hasira, mlaze chali kitandani mahali hawezi kuanguka, toka nje ya mlango, nawa uso maji ya baridi, halafu vuta pumzi taratibu na uitoe polepole zaidi ya ulivoivuta, mara kama kumi hivi. Dakika chache za kulia hazimdhuru, kumtikisa kwa hasira kunaweza kumuumiza ubongo hata kumuua. Kama mama mkwe yupo mwamshe akupokee, usione aibu. Ukirudi mbebe kifuani, ongea nae kwa sauti ya chini. Mara za mwanzo utaona haifanyi kazi, moyo bado unadunda, we endelea tu, maana mwili unajifunza kwa kurudiarudia sio kwa kuambiwa.

Utajuaje sio uchovu tu? Uchovu ukilala unapungua na unakukasirisha kwa kila kitu. Hii yako inakuja kwa sauti moja tu na inakuja ghafla. Ila ukianza kukosa usingizi hata mtoto akiwa kalala, au mawazo ya kumdhuru yeye au kujidhuru yanakujia, usisubiri: asubuhi hiyohiyo nenda hospitali ya wilaya na mtu wa kukusindikiza, na huo usiku mtoto alale na mtu mwingine.

Nimuulize bibi kuhusu ule usiku? Mume wangu anasema nimwache mzee wa watu.

Mume wako ana hoja. Usimkalishe kama polisi. Muulize vitu vya pembeni, walikula nini njiani, nani aliwapokea walivofika upande huu, mkiwa mnabangua korosho hapo kibarazani mchana, sio usiku. Akinyamaza na wewe nyamaza, mletee chai. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na pengine atasema siku mtoto wako akilia mbele yake na wewe ukambeba.