Video Zako Zinalana? Namna ya Kupima Zinapogombea Watafutaji Walewale

Chaneli za elimu huwa na tabia moja: somo likipendwa, hurudiwa. Video ya kwanza ya chanjo ya kuku ikifanya vizuri, inafuata ya pili yenye picha safi zaidi, kisha ya tatu fupi, kisha nyingine ya msimu wa upepo. Baada ya miaka miwili chaneli ina video nne zinazojibu swali moja, na mwenye chaneli anaona kila mpya inapopanda, ya zamani inashuka. Hapo ndipo watu husema video zinalana, yaani zinanyang'anyana watafutaji badala ya kuongeza wapya.

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi sivyo, na anayefuta video kwa kudhani hivyo hupoteza asichoweza kukirudisha. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha, kwa kutumia takwimu ambazo YouTube humpa bure kila mwenye chaneli.

Kwanza niondoe kipimo kinachotumiwa na wengi ingawa hakifai. Mtu huandika "chanjo ya kideri" kwenye kisanduku cha kutafutia, anaona video zake mbili zimefuatana, anahitimisha kwamba zinagombana. Matokeo hayo hayaonwi na kila mtu kwa namna ileile, kwa sababu YouTube huyapanga pia kwa kuangalia alichowahi kutazama mtafutaji. Wewe uliyetazama video zako mwenyewe mara nyingi ndiye shahidi mbaya kuliko wote. Isitoshe, YouTube haikatazi chaneli moja kuwa na video mbili kwenye ukurasa mmoja wa matokeo. Zikikaa mbili pamoja, huenda zimemsukuma chini mshindani wako na siyo kusukumana zenyewe kwa zenyewe.

Vichwa vya habari navyo visikudanganye. Kideri na mdondo ni ugonjwa mmoja wa kuku, lakini kuna wafugaji wanaoandika hili na wengine lile. Video mbili zenye maudhui karibu sawa, moja ikiwa na jina hili na nyingine lile, zinaweza kuishi pamoja miaka bila kugusana. Upande wa pili, video zenye vichwa tofauti kabisa zinaweza kuwa zinakula sahani moja. Kinachoamua ni maneno aliyoandika mtafutaji kabla ya kufika kwenye video.

Maneno hayo yanapatikana YouTube Studio. Fungua `Analytics`, ingia `Advanced mode`, chagua video moja, kisha `Traffic source`, kisha ubofye `YouTube search`. Utaona orodha ya maneno yaliyowaleta watu kwenye video hiyo, idadi ya mitazamo kwa kila neno, na muda waliotazama. Weka tarehe, pakua jedwali, urudie kwa kila video unayoishuku. Usitumie jumla ya mitazamo ya video nzima. Jumla hiyo inachanganya waliotoka kwenye mapendekezo, ukurasa wa mwanzo, WhatsApp na kwingineko, na video inaweza kupanda kwa mapendekezo huku ikiporomoka kwenye utafutaji bila wewe kuona. Wanaofika kutoka utafutaji wa Google nao huhesabiwa kwingine, chini ya `External`.

Sasa tuchukue chaneli ya mfano, ya ugani wa mifugo. Tarakimu ni za kubuni, nimezichagua ili hesabu ifuatike. Ina video tatu. Ya kwanza, tuiite A, ni ya dakika tisa kuhusu chanjo ya kideri kwa kuku wa kienyeji. Ya pili, C, ni ya dakika kumi na mbili kuhusu dalili za ugonjwa, kwa nini hauna tiba, na mfugaji afanye nini kuku wakianza kufa. Mwanzoni mwa Juni inapakiwa ya tatu, B, ya dakika nne, inayoonyesha namna ya kudondosha chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja la kila kuku. Aliyeipakia, kwa kutaka ionekane zaidi, akaiita "Dawa na chanjo ya kideri: dondosha hivi".

Tunalinganisha vipindi viwili vya siku 28: Mei kabla ya B, na siku 28 zinazoanza katikati ya Juni. Majuma mawili ya mwanzo nayaruka kwa makusudi, kwani video mpya huwa bado inatafuta nafasi yake na tarakimu zake hupanda na kushuka ovyo. Siku 28 zinafaa kuliko mwezi kamili kwa sababu ni majuma manne kamili. Jumamosi na Jumapili zinakuwa sawa pande zote mbili.

Kabla ya kuhesabu, unganisha maneno yanayouliza kitu kimoja. "Chanjo ya kideri", "chanjo kideri" na "chanjo ya kuku kideri" ni swali moja, yapewe jina moja kwenye jedwali. Kazi hii inachosha, lakini usipoifanya kila neno litakuwa na mitazamo michache mno na utaishia kusoma bahati nasibu. Mimi binafsi situmii kundi la maneno ambalo halijafika mitazamo mia moja katika kipindi. Ukiwa na jedwali lenye video safu A, swali safu B, kipindi safu C na mitazamo safu D, fomula hii itakujumlishia:

```
=SUMIFS(D:D, B:B, "chanjo ya kideri", C:C, "baada")
```

Kwa swali la "chanjo ya kideri", Mei ilileta mitazamo 420 kwa A na 60 kwa C, jumla 480. Baada ya B kuingia, A ilipata 230, B 200 na C 55, jumla 485. A imepoteza 190, B imepata 200, na chaneli nzima imeongeza mitano tu. Hii ndiyo sura ya kulana: mgao umebadilika, jumla imebaki palepale. Kama jumla ingefika 650, ningesema B imeleta watu wapya hata kama A imeshuka kidogo.

Lakini jumla peke yake haitoshi. A ingeweza kushuka kwa sababu nyingine: msimu wa watu kuulizia chanjo umepita, au chaneli nyingine imetoa video nzuri. Kwa hiyo tunatafuta swali la kulinganishia, yaani swali linaloleta watu kwa A lakini ambalo B haiguswi nalo. Hapa ni "ratiba ya chanjo ya kuku". B haisemi lolote kuhusu ratiba. Swali hilo liliipa A mitazamo 150 kabla na 147 baada. Hamu ya wafugaji kuhusu chanjo haijapungua, na A haijapoteza nguvu kwa ujumla. Imeshuka pale tu ilipokutana na B. Kama na ratiba ingeshuka kutoka 150 hadi 80, ningeacha kuilaumu B na kwenda kutazama msimu au washindani. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Je, kulana huku kuna hasara? Tuangalie muda. Waliofika kwa "chanjo ya kideri" walitazama A kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 10. B wameitazama dakika 2 na sekunde 50, ingawa ni fupi kuliko A kwa zaidi ya nusu. Ukizidisha, A ilikuwa inapata kama dakika 910. Sasa A na B kwa pamoja zinapata karibu dakika 1,065. Anayeuliza chanjo anataka kuona mkono na kichupa, na B inamwonyesha mara moja. A imeliwa, lakini mfugaji amehudumiwa vizuri zaidi. Hapo sigusi kitu.

Hali ni tofauti kwenye "dawa ya kideri". Kabla, swali hili lilimpeleka mtu kwa C: mitazamo 300, wastani dakika 3 na nusu, jumla dakika 1,050. Baada, C imebaki na 140, B imechukua 165, jumla 305. Swali la kulinganishia kwa C, "dalili za mdondo", halikuyumba. Basi B imekula tena. Safari hii, hata hivyo, wanaoangukia kwa B wanaondoka baada ya sekunde 40 kwa wastani. Dakika za swali zima zimeporomoka kutoka 1,050 hadi 600.

Sababu inaeleweka ukimfikiria anayeuliza. Anayeandika "dawa" ana kuku wanaougua leo. Kideri husababishwa na virusi, hakina dawa ya kukiponya, na chanjo ni ya kuku wazima. C inamweleza hayo na kumwambia atenge wagonjwa na kuzika au kuchoma mizoga. B inamkaribisha kwa neno "dawa" kwenye kichwa, halafu inamwonyesha chanjo bila maelezo. Anatoka akiwa hajui zaidi, au kibaya zaidi, anakwenda kuwachanja kuku ambao tayari wamepooza.

Kwa hiyo video ileile, B, inafaa kwa swali moja na inadhuru kwa lingine, na ndiyo maana siafiki uamuzi wa kufuta. YouTube haina njia ya kuunganisha video mbili wala ya kumhamisha mtu kutoka anwani ya video iliyofutwa hadi nyingine. Maoni yanapotea, na kila kiungo kilichokwisha kusambazwa kwenye makundi ya wafugaji kinakufa. Video ikibidi iondoke machoni, ifanye `Unlisted`: wenye kiungo wataiona, utafutaji hautaitoa. Lakini B haihitaji hata hilo. Inahitaji neno "dawa" liondoke kwenye kichwa na maelezo, na maelezo hayo pamoja na maoni yaliyobandikwa juu yaseme wazi kwamba hii ni kwa kuku wazima, wenye kuku wagonjwa watazame C, ambayo kiungo chake kinawekwa humo. Sekunde za mwanzo huwezi kuzirekodi upya ndani ya video iliyokwisha pakiwa, kwa hiyo hapo tegemea maoni hayo na maelezo.

Badilisha kichwa, maelezo na maoni hayo tu, usiguse kijipicha wala video nyingine, uandike tarehe, usubiri siku 28, kisha upakue majedwali yaleyale. Kama C imepanda kwenye "dawa ya kideri" na jumla imebaki karibu na 305, B ilikuwa inamla mwenzake na umeitibu. Kama B imeshuka lakini C haijapanda, jumla ikawa 180 kwa mfano, basi nafasi ile imechukuliwa na chaneli nyingine, na video ya kuifanyia kazi sasa ni C yenyewe. Tazama pia "chanjo ya kideri" kwa B: ikiwa nayo imeshuka sana baada ya kichwa kubadilika, umeondoa zaidi ya ulichokusudia. Hakikisha maneno "chanjo ya kideri" bado yamo kwenye kichwa kipya, yakiwa mwanzoni.