Ovaflo ikitona usiizibe

"Paipu ya ovaflo ya tangi letu hapa Kisauni inatona usiku kucha, niitie kizibo?"

Usiizibe kabisa ndugu yangu, hiyo paipu ni nzima, inakwambia tu valvu ya floti, ile ya boya inayokata maji tangi likijaa, haifungi. Paipu ya ovaflo huwekwa juu kidogo ya pale maji yanapofaa kusimama lakini chini ya mdomo wa valvu, ndo yakizidi yatoke nje, ukiziba yatafurika mpaka kwa dari. Panda juu uinue mkono wa floti: maji yakikata basi floti imeingia maji ama imekaa juu sana, yakizidi kupita ni ile raba ya washa ndani ya valvu imelika au chumvi ya maji ya kisima imegandia pale, fungua valvu usafishe, na hiyo raba uibadilishe.